Kumfanya Mtoto wa Chekechea Asimulie Picha

Swali ambalo mwalimu wa chekechea huuliza mbele ya picha ndilo linaloamua mtoto atasema maneno mangapi. Akiuliza, "Huyu ni paka, siyo?" darasa zima hujibu kwa pamoja, "Ndiyooo!" Jibu hilo hujaza darasa sauti, lakini halionyeshi kama kuna mtoto anayeweza kutunga sentensi. Hata mtoto ambaye hakuitazama picha huitikia pamoja na wenzake.

Kazi huanza kwenye kuchagua picha. Chati ya wanyama iliyogawanywa vyumba vyumba, kila mnyama na jina lake, hufaa kufundishia majina, lakini haina tukio la kusimuliwa. Inayofaa ni picha yenye jambo linalotokea. Tuseme imechorwa jiko la nje: sufuria imepinduka, paka anakimbia na samaki mdomoni, mama amesimama mlangoni ameshika mwiko, na nyuma yake mtoto amejificha.

Hapo mwalimu akiuliza "Mnaona nini?", mara nyingi atapata orodha: paka, samaki, sufuria. Swali hilo si la ndiyo au hapana, lakini bado linaomba majina tu, kwa hiyo linafaa kufungulia mazungumzo. Swali "Kumetokea nini hapa?" humtaka mtoto atumie kitenzi. Katika Kiswahili hatua hiyo ni kubwa, kwa kuwa kitenzi humlazimu mtoto kupanga mtendaji, wakati na tendo ndani ya neno moja: amekimbia, atampiga, wanamtafuta. Yakifuata maswali kama "Kwa nini mtoto amejificha?" na "Mama atafanya nini sasa?", mtoto hulazimika kuunganisha mawazo kwa "kwa sababu", "halafu" na "lakini". Majibu yake hayamo pichani, na ndiyo maana watoto wawili wanaweza kujibu tofauti na wote wakawa sahihi.

Baada ya kuuliza, mwalimu anyamaze. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alieleza kwamba walimu aliowachunguza walisubiri jibu kwa takribani sekunde 1 tu kabla ya kuuliza tena au kumwita mwanafunzi mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuzungumza. Rowe alichunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi. Mtoto wa miaka 4 au 5, anayetafuta neno na kulipanga kwa wakati mmoja, anauhitaji muda huo zaidi.

Mtoto akisema, "Paka kachukua," mwalimu hulirefusha jibu lake: "Ndiyo, paka kachukua samaki kutoka kwenye sufuria. Amempeleka wapi?" Mtoto huyasikia maneno yake mwenyewe yakiwa yamekamilika, kisha anapata nafasi ya kuendelea. Akisema, "Sufuria kimeanguka," inatosha kumjibu, "Kweli, sufuria imeanguka! Nani kaiangusha?" Kumkatiza kwa "Sema vizuri!" humrudisha kwenye neno moja moja, maana hilo halimtii hatarini.

Namna hii ya kuzungumza juu ya picha ilijaribiwa na Grover Whitehurst na wenzake huko New York, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Wazazi wa watoto wa miaka 2 hivi walifundishwa kuuliza maswali wazi na kurefusha majibu wakati wa kusoma vitabu vya picha. Baada ya mwezi 1, watoto hao walitumia sentensi ndefu kuliko wenzao ambao nao walisomewa vitabu, ila kwa namna ya kawaida. Kilichotofautisha makundi hayo mawili ni mazungumzo.

Ugumu mkubwa ni wingi wa watoto. Katika darasa la watoto 60, swali wazi likiulizwa kwa wote hujibiwa na wawili watatu wale wale. Njia inayowezekana ni kukaa na kundi la watoto 5 au 6 kwa dakika 10 huku wengine wakichora au wakicheza na vifuniko vya chupa, na kesho kundi lingine. Mtoto ambaye nyumbani huzungumza Kisukuma au Kidigo aruhusiwe kuanza kwa lugha hiyo, kisha mwalimu au mwenzake alirudie wazo lake kwa Kiswahili. Mtoto asiyejibu kabisa apewe swali jepesi zaidi: "Nionyeshe aliyejificha. Amejificha wapi?"

Maendeleo hupimwa kwa kumsikiliza mtoto mmoja na kuandika sentensi yake kama alivyoisema, kisha kumrudisha kwenye picha ile ile baada ya wiki kadhaa. Aliyesema "paka, samaki" akija kusema "paka kaiba samaki halafu mama kakasirika", lugha yake imekua. Akibaki kwenye orodha ya majina, mwalimu ayachunguze kwanza maswali anayomuuliza.