Juisi ya nanasi 'isiyo na sukari' ina sukari

NANASI la Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, lina sukari sahili zile zile zinazojulikana: sukrosi, ambayo ndiyo ya dukani, glukosi na fruktosi. Ila ndani ya tunda zimefungwa kwenye nyama yenye nyuzinyuzi, na mlaji huzipata polepole kadiri anavyotafuna. Tunda likikamuliwa, sukari hiyo huwa huru. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 huihesabu pamoja na ya kijiko, na kwa mtu mzima zote zisizidi takriban gramu 50 kwa siku. Glasi ya mililita 250 ina karibu gramu 25, hata isipoongezwa kitu. Basi msindikaji aandike "haikuongezwa sukari", si "haina sukari". Mgonjwa wa kisukari huiamini lebo.