Mlango uliofungwa kwa ndani: kwa nini anayetumia unga peke yake ndiye anayekufa (uzi)

1/ Kila siasa zikipamba moto hapa Kiambu, mjadala wa dawa za kulevya hugawanya watu kambi mbili. Kambi ya kwanza: kamata wauzaji, vunja maskani, peleka vijana rihabu. Kambi ya pili: wanaotumia wafundishwe jinsi ya kutokufa. Hii ya pili huambiwa papo hapo, "mnawaharibia watoto wetu akili." Uzi huu hauchagui kambi. Unaeleza jambo moja ambalo zote mbili hulipita mbio: kutumia ukiwa peke yako kunavyoua, na tabia ndogo ndogo zinazopunguza vifo hivyo.

2/ Kwanza, kwa nini hatuvioni vifo hivi. Februari 2024, pombe haramu iliua watu wasiopungua 17 kule Kangai, Kirinyaga. Nchi nzima ilisimama, mawaziri wakatoa amri. Unga hauui hivyo. Unaua mmoja leo Gachororo, mwingine mwezi ujao Kiandutu, kila mmoja chumbani kwake. Familia inasema "alilala hakuamka", mazishi yanafanywa, basi. Hakuna mkutano wa hadhara unaoitishwa kwa sababu ya mtu mmoja aliyefia kwenye bedsita.

3/ Tuelewane kuhusu dawa yenyewe. Tunazungumzia heroini, yaani unga, pamoja na dawa za familia yake kama mofini na vidonge vikali vya maumivu. Bangi na miraa zina shida zake, lakini hazisimamishi pumzi namna hii. Unga unaenda mpaka ile sehemu ya ubongo inayokukumbusha kupumua hata ukiwa usingizini, na kuipunguza nguvu. Dozi ikizidi, sehemu hiyo inasahau kazi yake. Moyo bado unapiga, lakini hewa haiingii.

4/ Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani aliyezidisha dozi anakufa papo hapo, sindano bado mkononi. Hutokea, lakini mara nyingi pumzi hupungua polepole, dakika kadhaa hadi saa moja au zaidi. Anasinzia, anakoroma kwa sauti nzito kama ana maji kooni, kisha kimya. Pumzi ikishakatika kabisa, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kuna muda wa kumwokoa. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hawezi kuutumia. Amelala. Hawezi kupiga simu, hawezi kujipa dawa, hawezi hata kujigeuza ubavu.

5/ Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa kawaida kabisa. Kijana ametoka rumande baada ya miezi mitatu. Amerudi bedsita yake Juja, ploti ya orofa nne, mlango wa chuma wenye komeo. Saa tatu usiku anafunga komeo, anajidunga kiasi kile kile alichozoea kabla ya kukamatwa. Saa tatu na dakika kumi ameinamisha kichwa. Na nusu anakoroma. Jirani anasikia kupitia ukuta, anasema huyu leo amechoka. Saa nne kasoro mkoromo umeisha. Keateka anavunja mlango kesho yake saa sita mchana.

6/ Sasa badilisha kitu kimoja tu: kuna mtu wa pili mle chumbani ambaye hajatumia. Unga ni ule ule, dozi ni ile ile. Saa tatu na dakika kumi anamwita jina, hajibu. Anamsugua kifua kwa vifundo vya ngumi, hashtuki. Anamlaza ubavu, anapiga simu, anampulizia pumzi. Zaidi ya nusu saa nzima ambayo kwa mtu wa pekee ilipotea, hapa inafanya kazi. Mji wa Vancouver, Kanada, umekuwa na nyumba inayoitwa Insite tangu 2003, ambapo watu hujidunga mbele ya wauguzi. Wengi wamezidisha dozi mle ndani. Dawa haikuwa salama zaidi, ila kulikuwa na macho, na macho hayo yamewarudisha.

7/ Swali la siasa ni hili: kwa nini watu wanajifungia? Aibu ni sababu moja. Bedsita ni nyingine, kwa sababu Juja na Ruiru tunaishi mtu na chumba chake, mlango kwa mlango, bila kujuana majina. Ya tatu ni sheria. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 haimshiki anayetumia peke yake tu. Inamfanya mkosaji hata mtu aliyepatikana mahali watu wanapokusanyika kutumia. Kwa maneno mengine, kukaa na mwenzako ndiko kunakoongeza hatari ya pingu. Maskani ikivunjwa, watu hawaachi unga usiku huo. Wanahama, kila mmoja na kona yake.

8/ Kuna jambo lingine ambalo huwa halisemwi tani za unga zikinaswa na picha kupigwa. Mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, unga uliadimika ghafla kule Pwani. Waliokosa walipata arosto kali, na wengine wakageukia vidonge na pombe. Mwili uliokaa bila unga hata wiki chache husahau. Ile dozi ya zamani, ambayo zamani haikumfanya kitu, sasa inaweza kumuua. Ndiyo maana siku za kwanza baada ya kutoka jela, rumande, rihabu au hospitali ni za hatari kuliko siku za kawaida. Familia inafurahi ameacha. Akirudia mara moja tu, kwa siri ili asiwavunje moyo, anarudia peke yake.

9/ Tuje kwenye tabia. Ya kwanza: usitumie peke yako, na mkiwa wawili msitumie kwa wakati mmoja. Hii ya pili husahaulika. Wawili waliosinzia pamoja ni sawa na watu wawili walio peke yao. Mmoja atangulie, mwingine angoje mpaka aone mwenzake anaongea na kupumua vizuri, ndipo zamu ibadilike.

10/ Na ambaye hana mtu? Asifunge komeo. Ampigie mtu mmoja anayemwamini kabla, amwambie ploti gani, orofa gani, mlango namba ngapi, na wakubaliane: "nisipopokea baada ya dakika kumi, njoo au mpigie keateka." Arudie kupigiwa kwa saa moja au mbili, kwa sababu pumzi inaweza kupungua baadaye. Hii si salama kama kuwa na mtu chumbani, tusidanganyane. Lakini mlango unaofunguka na mtu anayejua uko wapi ni tofauti kati ya dakika kumi na saa kumi na tano.

11/ Tabia ya pili ni kuhusu dozi. Aliyekaa muda bila kutumia, au amenunua kwa muuzaji mpya, aanze na kiasi kidogo sana, kisha asubiri aone. Na asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi kama bugizi au valiamu. Kila kimoja kinapunguza pumzi, na vikikutana havijumlishwi tu, vinasaidiana kuua. Vifo vingi vinavyoitwa vya unga ni vya unga na kitu kingine juu yake.

12/ Ukimkuta mtu hivyo, utajuaje si usingizi tu? Mwite kwa nguvu, msugue kifua. Mtu wa usingizi atalalamika. Tazama pumzi: zikiwa chache sana, zenye nafasi ndefu katikati, au za mkoromo wa maji, ni dharura. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje kuona ubluu usoni. Angalia ndani ya midomo, ufizi na kucha. Zikipauka kuwa kijivu, hewa imeisha.

13/ Piga 1199, nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu, au tafuta gari. Sema "mtu hapumui, haamki", maneno hayo yanatosha. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe. Na tafadhali, msimkalishe kwenye boda katikati ya watu wawili kichwa kikining'inia. Koo linajikunja na pumzi kidogo iliyobaki inakatika. Probox au teksi, alale ubavu nyuma, mpaka Thika au Ruiru.

14/ Mambo ya kuacha: maziwa, maji ya baridi, chumvi, makofi, kumtembeza. Maziwa kwa mtu asiyeweza kumeza yanaingia mapafuni. Kitu kinachofanya kazi kinaitwa naloksoni. Inaufukuza unga kwenye ubongo, na ikidungwa kwenye msuli huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache. Haileweshi mtu, na kama tatizo halikuwa unga haitamdhuru. Lakini nguvu yake hudumu kati ya nusu saa na saa moja unusu, wakati unga unaweza kukaa zaidi. Kwa hiyo akiamka na kusema "niko sawa, niacheni", msimwache. Anaweza kulala tena.

15/ Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri naloksoni iwafikie watu wanaoweza kumkuta aliyezidisha dozi, yaani marafiki, familia, majirani. Mwisho wa mwaka huo huo Kenya ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Mathari, na leo Kiambu ina kliniki pale Karuri. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo mtu anaondoka kwenye sindano na wakati huo huo kuna anayemwona kila siku. Kwa anayeishi Juja, nauli ya kila siku mpaka huko ni sera pia. Anayetaka kuanza pa kuzungumzia, 1192 ya NACADA haitozi.

16/ "Lakini si hii ni kuwarahisishia?" Swali halali, linastahili jibu. Hakuna kijana anayeanza unga kwa sababu amesikia kuna mtu atampulizia pumzi akizimia. Na aliyekufa hawezi tena kwenda rihabu. Kambi ya "waache kabisa" inamhitaji huyu mtu akiwa hai kesho asubuhi kuliko kambi nyingine yoyote.

17/ Kwa hiyo anayekuja kuomba kura hapa akisema atamaliza dawa za kulevya, mwulize mambo matatu. Je, naloksoni itafika kwa nani, daktari peke yake au hata keateka? Anayetoka rumande Thika ataambiwa nini kuhusu dozi yake ya zamani kabla ya kufunguliwa geti? Na anayepiga simu kuokoa mwenzake, atakamatwa? Jimbo la New Mexico kule Marekani lilitunga kinga ya mpiga simu mwaka 2007, na majimbo mengi yakafuata. Hapa kwetu rafiki bado anasimama mlangoni akipima: nimpigie ambulensi, au nikimbie kabla polisi hawajafika? Wakati anapima, zile dakika zinaisha.