Maoni bandia ya wanunuzi hayatambuliwi kwa Kiswahili kibovu

Mnunuzi wa sufuria pale Gikomba huigeuza juu chini, akaigonga kwa kidole asikie mlio wake, kisha akamuuliza aliye kando yake kama aliwahi kununua ya aina hiyo. Mnunuzi wa mtandaoni hana sufuria ya kugonga. Kilichomsalia ni yule wa kando tu, yaani maoni ya watu wanaodai kwamba walitangulia kununua. Kwa sababu hiyo maoni yenyewe yamegeuka bidhaa. Yanaandikwa kwa malipo, yanauzwa kwa furushi, na siku hizi yanazalishwa kwa mamia na programu za akili unde. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara ilipitisha kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya aina hiyo, yakiwemo yaliyotungwa na akili unde.

Swali linalomhusu mwanaisimu ni hili: je, maandishi yenyewe yanaweza kumsaliti mwandishi wake? Wapo wanaoamini kwamba maoni bandia hujulikana kwa lugha iliyovunjikavunjika, makosa ya tahajia na sarufi iliyopinda. Nadhani imani hiyo ni ya hatari, hasa kwetu Kenya, na nitaeleza kwa nini. Kwanza tuone kinachojulikana.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell wakiongozwa na Myle Ott walikusanya maoni 400 ya kweli kuhusu hoteli 20 za mjini Chicago. Kisha waliwalipa watu dola moja kila mmoja watunge maoni 400 ya kusifu hoteli zizo hizo kana kwamba walilala humo. Wasomaji watatu walipewa sehemu ya maandishi hayo watenganishe ya kweli na ya uongo. Aliyefanya vyema zaidi alipata takriban asilimia 62, na wa mwisho asilimia 53, ambayo haina tofauti kubwa na kurusha sarafu hewani. Programu ya kompyuta iliyofunzwa kuhesabu maneno ilikaribia asilimia 90.

Ilihesabu nini? Waliolala hotelini kweli walitaja bafu, ghorofa, udogo wa chumba, mahali hoteli ilipo. Watunzi wa uongo walitaja mume, likizo, safari ya kikazi, na kurudia jina la mji na neno lenyewe 'hoteli'. Kwa maneno mengine, mwongo alieleza kwa nini alisafiri na alivyofurahi, lakini alishindwa kueleza nafasi. Hakuwa na chumba kichwani mwake. Hebu zingatia kwamba sarufi ya maandishi yale ya uongo haikuwa na kasoro ya kuwashtua wasomaji. Kilichopungua ni vitu.

Hata hivyo, upungufu wa vitu hautoshi kumhukumu mtu mmoja. Mnunuzi mwaminifu anaweza kuandika 'Iko sawa, asante' akaenda zake kupika. Andiko lake halina bafu wala ghorofa, na bado ni la kweli. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika zaidi hakitazami andiko moja bali furushi zima.

Nitin Jindal na Bing Liu, wa Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago, walifanya hivyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Walichukua maoni milioni 5.8 kutoka duka la Amazon, wakayakata vipande vya maneno mawili mawili, kisha wakalinganisha vipande vya andiko moja na vya jingine. Kipimo walichotumia kina asili katika elimu ya mimea. Mswisi Paul Jaccard alikitumia mwanzoni mwa karne ya 20 kulinganisha mimea ya milimani. Unahesabu vipande ambavyo maandiko yote mawili yanavyo, kisha unagawanya kwa idadi ya vipande vyote tofauti vilivyomo katika maandiko hayo. Yakifanana kabisa unapata 1, yasipogusana kabisa unapata 0. Wao waliweka mpaka wa 0.9, na juu ya mpaka huo walikuta maandiko mengi yaliyorudiwa. Mengine yalikuwa na majina tofauti ya waandishi kwa bidhaa ile ile, na mengine yalisifu bidhaa ambazo hazina uhusiano wowote.

Mbinu hiyo ikiletwa katika Kiswahili bila kurekebishwa, itapitwa na uongo mchana kweupe. Nimetunga mfano mdogo. Tuseme furushi lina sentensi hizi mbili, moja ya birika la umeme na nyingine ya kiti cha ofisi:

'Birika hili ni zuri sana, ninalipendekeza kwa kila mtu.'

'Kiti hiki ni kizuri sana, ninakipendekeza kwa kila mtu.'

Msomaji yeyote anaona kwamba ni kalibu moja iliyomwagiwa jina jipya. Lakini kila sentensi ina maneno tisa, yaani jozi nane. Zihesabu. Jozi zinazopatikana kote kuwili ni mbili tu: 'kwa kila' na 'kila mtu'. Jozi zote tofauti ni 14. Mbili kwa 14 ni kama 0.14, na mashine itasema maandiko haya ni mageni kwa mengineyo. Katika sentensi ya Kiingereza ya maana hiyo hiyo, yenye maneno kumi, kinachobadilika ni jina la bidhaa peke yake. Jozi saba kati ya tisa zingebaki kama zilivyo, na kipimo kingefika 0.64. Tofauti hii haitokani na werevu wa mlaghai. Inatokana na upatanisho wa kisarufi, ambao umesambaza jina la bidhaa katika kiashiria, kivumishi na kitenzi kwa pamoja.

Tiba yake ipo, na mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa pili anaweza kuifanya. Jina la bidhaa liwekewe alama moja ya jumla, viambishi vya ngeli viondolewe, ibaki mizizi: '-zuri', 'nina-pendekeza', na kiashiria kihesabiwe kuwa kiashiria tu, kiwe 'hili' au 'hiki'. Ukihesabu upya, jozi zote nane zinalingana na kipimo kinaruka kutoka 0.14 hadi 1. Kalibu imevuliwa nguo.

Sasa turudi kwa wale wanaosaka makosa. Chukua kalibu ya kivivu zaidi, ambayo mtunzi wake hakujishughulisha na ngeli: 'Birika hii imezidi matarajio yangu', 'Kiti hii imezidi matarajio yangu', 'Blanketi hii imezidi matarajio yangu'. Mwalimu wa Kiswahili atarukia 'kiti hii' na kusema, huyu si mtu, hii ni mashine. Lakini nenda kituo chochote cha matatu Nairobi usikilize. 'Kiti hii imevunjika' ni usemi wa kila siku wa mamilioni ya Wakenya wenye damu na mifuko, wanaonunua vitu kwa pesa zao. Ati tuwafute kwa sababu hawakuheshimu KI-VI? Tukiweka kichujio kinachotupa kila andiko lisilo sanifu, watakaonyamazishwa ni wanunuzi wa kweli. Na mlaghai mwenye programu ya akili unde atapita akitabasamu, maana programu hizo huandika Kiswahili kinachokaribia kile cha taarifa ya habari.

Kinachostahili kutiliwa shaka ni kosa lile lile, mahali pale pale, katika maandiko 30 yenye majina 30 tofauti. Watu wa kweli hukosea kila mmoja kwa njia yake: mmoja atasema 'hii kiti', mwingine 'hicho kiti iko fiti', mwingine 'kiti imeshika vizuri'. Hali kadhalika urefu ni muhimu. Maneno matatu yakifanana, kama 'asante sana, nimefurahi', hiyo ni adabu tu. Wageni wanane wasiojuana wakipanga maneno tisa kwa mfuatano mmoja, hapo hakuna sadfa.

Kuna ugumu mwingine. Programu za kisasa zinaweza kubadilisha kila neno. 'Mwanzoni nilikuwa na shaka' inageuka 'sikuamini nilipoiona', kisha 'nilisita kidogo kabla ya kuagiza'. Hapo kuhesabu jozi hakusaidii sana, na inabidi tuangalie hatua za usemi badala ya maneno. Furushi la namna hii hupita njia moja: shaka ya mwanzoni, mshangao, sifa tatu (ubora, bei, uwasilishaji wa haraka), halafu wito kwa 'yeyote anayetafuta' bidhaa hiyo, huku jina kamili la bidhaa likirudiwa kama kwenye tangazo. Andiko moja la hivyo si ushahidi. Maandiko 20 yanayopanda ngazi hiyo hiyo, yakatokea wiki moja, ni ushahidi mzito.

Na vitu je? Mtu atauliza, si programu inaweza kuambiwa iweke vitu? Inaweza, na inaviweka. Lakini vitu hivyo aghalabu hutoka kwenye kasha: lita 1.8, wati 1500, chuma kisichoshika kutu, rangi tatu. Hayo muuzaji ameshayaandika juu ya ukurasa. Ninayoyaita maelezo ya matumizi ni mengine. Linganisha na andiko hili, ambalo pia nimelitunga: 'Inachemsha haraka lakini kifuniko hakikazi, ukimimina kikombe cha mwisho maji yanapita kando. Waya ni fupi, ilibidi nisogeze meza karibu na soketi. Siku mbili za kwanza chai ilinuka plastiki.' Kifuniko, kikombe cha mwisho, meza, soketi, siku mbili. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwenye kasha, na kila kimoja kinaweza kuhakikishwa na mnunuzi anayefuata. Upatanisho umeyumba pale kwenye 'waya ni fupi', na bado andiko hili lina faida kwa mnunuzi kuliko sentensi 20 sanifu za 'ubora wa hali ya juu'.

Kipimo hiki nacho kina mwisho wake. Mfanyakazi wa kiwanda kinachotengeneza birika lile anaujua waya wake na kifuniko chake, na akitaka kusema uongo atausema kwa vitu. Mtu kama huyo hakamatwi kwa isimu pekee. Inabidi wenye duka waangalie kumbukumbu zao za malipo waone kama aliyeandika aliwahi kununua. Lakini mtu wa namna hiyo huandika andiko moja au mawili kwa jasho lake. Anayehitaji maandiko 300 kabla ya Ijumaa hana muda wa kujua waya una urefu gani.