Je, Sarafu Yenye Sifuri Nyingi ni Sarafu Dhaifu?

Mwanafunzi akitoka Morogoro kwenda Nairobi na noti mbili za shilingi 10,000, akizibadilisha hupata takribani shilingi 1,000 ya Kenya. Elfu ishirini imegeuka elfu moja. Hapo wengi husema mara moja kwamba shilingi yetu ni dhaifu kwa sababu noti zake zina sifuri nyingi. Jibu hilo huonekana pia kwenye karatasi za mitihani, na humpotezea mwanafunzi alama. Katika sehemu hii tutaona sifuri hizo zilitoka wapi, zinaeleza nini, na ni kipimo gani hasa kinachoonyesha udhaifu wa sarafu.

1. Idadi ya sifuri ni suala la kipimo

Kutoka Mgeta hadi Morogoro mjini, umbali ni uleule ukiutaja kwa kilomita au kwa mita. Ukiutaja kwa mita unapata namba kubwa zaidi, lakini barabara haijarefuka. Sarafu nayo ni kipimo, kipimo cha thamani.

Tuchukulie kwamba kilo moja ya maharage katika Soko Kuu la Chifu Kingalu inauzwa shilingi 3,000, na kilo kama hiyo Nairobi inauzwa shilingi 150 ya Kenya. Ikiwa shilingi moja ya Kenya ni sawa na shilingi 20 za Tanzania, basi 150 × 20 = 3,000. Bei ni ileile. Mnunuzi wa Morogoro anataja namba kubwa zaidi, lakini kama kipato chake nacho kinahesabiwa kwa namba kubwa kwa uwiano huohuo, hakuna alichopungukiwa.

Ndiyo maana Japani ina noti ya yeni 10,000 na Korea Kusini ina noti ya woni 50,000, na hakuna anayeziita nchi hizo maskini. Yeni inafundisha zaidi. Mwaka 1949 dola moja ya Marekani ilipangiwa yeni 360. Kufikia mwaka 1995 dola moja iliwahi kushuka hadi karibu yeni 80. Sarafu hiyo ilipata nguvu kwa miaka mingi bila kuondolewa sifuri hata moja.

2. Sifuri zetu zilitoka wapi?

Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, ilikuwa sawa kwa thamani na shilingi ya Kenya na ya Uganda, na dola moja ilikuwa kama shilingi 7. Noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Leo noti kubwa ni ya 10,000, na dola moja inazidi shilingi 2,000.

Kilicholeta tofauti ni mfumuko wa bei, yaani bei za bidhaa kwa ujumla kupanda mfululizo. Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, bei nchini zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Fanya hesabu: bei ikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka kwa miaka 10, kitu cha shilingi 100 hufikia takribani shilingi 1,380. Miaka kumi tu, na sifuri moja imeongezeka. Thamani ya shilingi kwa dola ilifuata njia hiyohiyo: mwaka 1986 dola ilifikia kama shilingi 40, na mwaka 1995 ilikuwa imepita shilingi 500.

Kwa hiyo sifuri zina maana, lakini ni kama kovu. Kovu linaonyesha kwamba mtu aliwahi kuumia. Halionyeshi kama leo ni mgonjwa.

3. Kipimo halisi: thamani inapotea kwa kasi gani?

Mama mmoja wa Mgeta ameuza viazi na kabichi, akaweka shilingi 300,000 ndani ya kopo ili mwakani anunue maharage ya chakula cha mtoto wake shuleni. Leo, kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, fedha hiyo inanunua kilo 100.

(a) Bei ikipanda kwa asilimia 30, kilo moja itakuwa shilingi 3,900. 300,000 ÷ 3,900 = takribani kilo 77. Amepoteza kilo 23 bila fedha kuguswa.

(b) Bei ikipanda kwa asilimia 4, kilo moja itakuwa shilingi 3,120. 300,000 ÷ 3,120 = takribani kilo 96. Amepoteza kilo 4.

Noti zilizomo ndani ya kopo ni zilezile na sifuri zake ni zilezile. Kilichobadilika ni kasi ya mfumuko wa bei. Hali ya (a) ndiyo ya sarafu inayodhoofika vibaya, na hali ya (b) iko karibu na ya Tanzania ya miaka ya karibuni.

Sasa tulinganishe na jirani. Mwanzoni mwa mwaka 2022, dola moja ilikuwa karibu shilingi 113 za Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa karibu 157. Shilingi zilizohitajika kununua dola ziliongezeka kwa takribani asilimia 39. Katika kipindi hichohicho, dola ilitoka karibu shilingi 2,300 za Tanzania hadi karibu 2,510, ongezeko la takribani asilimia 9. Katika miaka hiyo miwili, sarafu yenye sifuri chache ndiyo iliyopoteza thamani zaidi. Mwaka 2024 shilingi ya Kenya ilipanda tena hadi karibu 129 kwa dola, bila noti zake kubadilishwa tarakimu.

4. Je, kufuta sifuri kunasaidia?

Uganda ilijaribu mwaka 1987. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na dola ikapangiwa shilingi 60 mpya. Lakini bei ziliendelea kupanda kwa kasi, na ndani ya miaka michache dola ikapita shilingi 1,000. Sifuri zilirudi kwa sababu chanzo chake hakikuwa kimeondolewa. Zimbabwe nayo ilifuta sifuri 3 mwaka 2006, 10 mwaka 2008 na 12 mwaka 2009, mwaka uleule ilipotoa noti ya dola trilioni 100. Hapo sifuri zilikuwa dalili ya ugonjwa uliopo, kwa sababu ziliongezeka kwa miezi, si kwa miongo.

Kufuta sifuri hurahisisha hesabu na utunzaji wa vitabu. Hakuongezi kilo hata moja ya maharage ndani ya kopo la yule mama, kwa sababu akiba yake na bei sokoni hukatwa pamoja.

Kumbuka katika mtihani

Usiandike "sarafu ni dhaifu kwa sababu dola moja ni shilingi nyingi." Andika: "sarafu inadhoofika pale kiasi cha bidhaa au fedha za kigeni inachoweza kununua kinapopungua kadiri muda unavyopita." Kisha toa tarakimu za vipindi viwili. Tarakimu ya siku moja haitoshi.

Swali la kujipima

Nchi X: dola moja ilikuwa 50, baada ya mwaka ni 75. Nchi Y: dola moja ilikuwa 4,000, baada ya mwaka ni 4,200. Sarafu ipi imedhoofika zaidi?

Jibu: Ya nchi X. Ongezeko la X ni 25 ÷ 50 × 100 = asilimia 50. La Y ni 200 ÷ 4,000 × 100 = asilimia 5.