Orodha Inayoyumba

Tazama sentensi hii ya zoezi la kusahihisha: “Kazi za karani ni kupokea barua, anazipanga na uandikaji wa majibu.” Isome kila tungo ikifuata “ni”. “Kazi ni kupokea” inakaa sawa. “Kazi ni anazipanga” inakwama. “Uandikaji” ni nomino halali, ila imeacha mkondo wa “ku-”. Sahihi: “kupokea barua, kuzipanga na kuandika majibu.”

Lakini usisahihishe kwa pupa. “Alipokea barua, akazipanga na kuandika majibu” ina maumbo matatu, nayo ni Kiswahili safi kabisa: “-ka-” huendeleza masimulizi, na “kuandika” baada ya “na” huazima nafsi na wakati wa kitenzi kilichotangulia. Watahiniwa wengi huiharibu bure.