Wamama Wanaochanga Mtaji: Namna ya Kugawa Faida Bila Magomvi

Katika vikundi vyetu tunaona mara nyingi wamama wawili wanaanza biashara kwa furaha, na mwisho wa mwaka, siku ya kugawa faida, urafiki unavunjika. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kosa ni kwamba hawakupatana mbele ni nini inalipwa kwanza na ni nini inagawanywa nyuma.

Tuchukue mfano wa depo ya unga pale Uvira. Mama A ametoa dola 600, Mama B dola 400. Mama B ndiye anayekaa depo kila siku. Mama A ana kazi nyingine. Kisha kuondoa pesa ya nyumba, usafiri na kodi, mwaka umeacha faida ya dola 780.

Wakigawa nusu kwa nusu, kila mmoja anapata 390, na Mama A atauliza kwa nini mtaji wake mkubwa haukuhesabiwa. Wakifuata mtaji tu, Mama A anapata 468 na Mama B 312, hata kama Mama B ndiye alibeba kazi yote. Tujue kwamba Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya makampuni inafuata njia hii ya pili kama wenye kampuni hawakuandika mapatano mengine. Kwa hiyo mama anayefanya kazi ndiye hasa anahitaji kartasi iliyoandikwa.

Njia ya haki ina hatua tatu. Kwanza kazi: walipatana Mama B apate mshahara wa dola 30 kwa mwezi, ni 360 kwa mwaka. Pili mtaji: walipatana riba ya 10 kwa mia kwa mwaka, basi Mama A anapata 60 na Mama B 40. Tatu mabaki: 780 kuondoa 460 inabaki 320, na hii wanagawa sawasawa, 160 kila mmoja. Mama A anapata jumla 220, Mama B 560. Kila mmoja anaona pesa yake imetoka wapi.

Kama Mama B alikuwa anachukua dola 20 kila mwezi kwa chakula cha watoto, hizo 240 zinaondolewa kwenye 560 yake, na anapokea 320. Ndiyo maana kila kinachochukuliwa, hata kilo mbili za unga, kinaandikwa katika daftari siku ileile.

Na mwaka ukiwa mbaya, faida ikawa 300 tu? Mshahara na riba ni 460 kama kawaida, zinapunguka 160. Upungufu huo nao wanaugawa sawasawa, 80 kila mmoja. Mama B anabaki na 320. Mama A, ambaye riba yake ni 60, anapoteza 20 kwenye mtaji wake. Anayekubali kugawa faida amekubali pia kugawa hasara.

Sasa Mama C anataka kuingia na dola 400. Mbele ya kupokea pesa yake, wafunge hesabu ya zamani: faida iliyopatikana mpaka siku hiyo ni ya wawili wa kwanza. Kisha wahesabu depo kwa bei ya leo. Mizani iliyoandikwa 120 sasa ina thamani ya 80. Deni la wateja la dola 40 halitalipwa tena. Lakini mahindi waliyonunua 200 wakati wa mavuno leo ni 320. Hasara ni 80, ongezeko ni 120. Inabaki 40 ya wamama wa kwanza, 20 kila mmoja. Mitaji yao inakuwa 620 na 420. Wasipofanya hesabu hii, Mama C atakula sehemu ya mahindi ambayo hakununua.

Kuna pia sifa ya depo: wateja waliozoea kuja. Wamepatana kwamba sifa hiyo ni dola 180. Kwa kuwa Mama C atapata theluthi moja ya mabaki, analipa 60 juu ya mtaji wake wa 400, na Mama A na Mama B wanachukua 30 kila mmoja. Akiingia katikati ya mwaka, riba yake ni ya miezi sita tu, dola 20, si 40.

Kuanzia siku hiyo mapatano ya zamani yamekwisha. Yaandikwe mapya: mtaji wa kila mmoja, riba, mshahara, sehemu ya mabaki, na tarehe ya kuingia. Watatu watie sahihi, na kila mama aweke kopi yake nyumbani.