Chati Zisizohesabu Siku

Kagi na chati ya kuvunja mistari mitatu ni za Japani, na Mmarekani Steve Nison alizifikisha kwa wasomaji wa Magharibi katika kitabu chake cha mwaka 1994. Zote mbili kwa kawaida hutumia bei ya kufunga soko na haziangalii tarehe. Hisa ikilala wiki nzima bila kusogea, hakuna kinachochorwa. Zinapoachana ni kwenye swali moja: bei ishuke kiasi gani ndipo isemwe imegeuka?

Tuchukue hisa ya kubuni iliyofunga hivi, siku baada ya siku: shilingi 500, 506, 512, 509, 515, 511, 508, 513, 507, 504, 499.

Mchoraji wa kagi huanza kwa kuchagua kiwango cha mgeuko, tuseme shilingi 10. Mstari wake unapanda wima hadi 515 na kusubiri hapo. Bei ya 508 haimshtui, kwani ni pungufu kwa 7 tu. Ikifika 504, pungufu imekuwa 11, kwa hiyo anakata kulia na kuteremka. Ila kugeuka si kubadilika unene. Mstari mnene wa wanunuzi huwa mwembamba pale tu bei inapovuka chini ya bonde lililotangulia, ambalo hapa ni 500. Hilo linatokea siku ya mwisho, kwenye 499.

Mwenzake wa mistari mitatu hachagui namba yoyote. Kila kilele kipya kinampa mstari: 500 hadi 506, 506 hadi 512, 512 hadi 515. Baada ya mitatu mfululizo ya kupanda, mgeuko unahitaji bei ifunge chini ya mwanzo wa yote mitatu, yaani chini ya 500. Kwa hiyo 504 iliyomgeuza mwenzake kwake si kitu. Anasubiri 499, wakati shilingi 16 zimeshapotea kutoka kileleni. Huo ndio ubaya wake, na si mdogo.

Lakini kipimo chake hujirekebisha. Soko likipanda kwa hatua ndefu, mgeuko unakuwa mbali. Likipanda kwa shilingi mojamoja, hata kushuka kwa shilingi nne kunatosha kumgeuza. Kagi ya shilingi 10 haijui tofauti hiyo: kwa hisa ya 500 ni asilimia 2, kwa hisa ya 50 ni asilimia 20. Ndiyo maana wengi hupima kwa asilimia.

Zote mbili hufuta vitu vya aina moja: siku tulivu, mirindimo ya katikati ya siku iliyozimika kabla ya kufunga, na kurudi nyuma kudogo ndani ya mwelekeo. Haziwezi kitu mbele ya soko linalopanda na kushuka papo kwa papo kwa kiasi kinachozidi kipimo. Hapo kila mgeuko huchorwa kwa kuchelewa, na anayeufuata hununua karibu na kilele na kuuza karibu na bonde, mara kwa mara. Wala bei iliyoingizwa kimakosa haichujwi: ikiwa kubwa vya kutosha, itachorwa kama mgeuko halisi.